Mashavu, Meno na Mpira wa Puani: Kisa cha Picha ya Kumbukumbu ya Mama wa Maji ya Chai

Marehemu alikuwa mama wa miaka 67, mkulima wa migomba na kahawa upande wa Maji ya Chai, kandokando ya barabara ya Arusha kwenda Moshi. Saratani ya umio, njia ile ya chakula, ilimfunga koo taratibu mpaka akawa hamezi hata uji. Miezi yake ya mwisho alilishwa kwa mpira uliopitishwa puani. Alizikwa nyumbani kwake, na mwaka ulipokaribia kutimia familia ikaanza kuandaa ibada ya kumbukumbu, pamoja na kuliombea kaburi lililokuwa limemalizwa kujengewa vigae.

Kazi iliyoletwa kwangu, fundi wa picha, ilikuwa ya vitu vinne: bango la getini, jalada la kijitabu cha ibada, fulana za wajukuu, na kigae cha picha cha kubandikwa kwenye msalaba wa kaburi. Picha iliyoletwa ilikuwa moja. Mama amekaa kitandani, amepakata kitukuu chake cha kwanza, mtoto wa wiki mbili hivi. Anacheka kabisa, meno yako nje. Mpira uko puani, umeshikizwa kwa plasta nyeupe shavuni, na shingo imekuwa nyembamba hadi kola ya gauni imeacha nafasi ya kupitisha mkono.

Aliyeileta ni mdogo wake marehemu, mama mdogo wa wale watoto, ndiye aliyemuuguza. Ndani ya simu alikuwa na ujumbe kutoka kwa binti mkubwa anayeishi Dar es Salaam: “Kaka, mtoe mama huo mpira, mjaze mashavu, msafishe meno, na ikiwezekana mpunguzie miaka kumi. Tunataka watu wamwone mama alivyokuwa.” Mama mdogo alinisomea ujumbe wote mpaka mwisho, halafu akasema kwa utaratibu: “Mwanangu, huo ni ujumbe wake. Mimi sitaki dada yangu aguswe.”

Nimeamua kukiandika kisa hiki kwa sababu ujumbe ule mfupi ulikuwa na maombi manne yasiyofanana hata kidogo, ingawa yote yanaitwa kurekebisha picha. Mengi ya magomvi ya picha za misiba huanzia hapo. Mtu mmoja anasema irekebishwe akiwa na mawazo ya kuondoa mkunjo wa karatasi, mwenzake anasikia kwamba marehemu anafanywa mtu mwingine, na wote wawili wanaweza kuwa na haki.

Tuanze na mpira, ambao ndio mwepesi. Ni kitu kilichowekwa juu ya uso, si sehemu ya uso. Chini ya mpira na plasta kuna ngozi yake mwenyewe, na pembeni mwa plasta ngozi hiyo hiyo inaonekana, kwa hiyo fundi anachukua kipande cha jirani na kukifunika pale. Sehemu inayohitaji uangalifu ni tundu la pua. Mpira hulitanua na kulivuta upande, na ukifuta mpira tu, pua inabaki imepinda bila sababu yoyote inayoonekana. Inabidi kutazama tundu la upande wa pili, na kutafuta picha nyingine ya mama huyo huyo ili kujua pua yake ilikaaje. Wengi hunakili tundu la upande mmoja na kuligeuza kwa upande wa pili. Hilo ni kosa, maana pua za watu hazilingani pande zote, na waliomzoea huona kuna kitu hakikai sawa hata kama hawawezi kusema ni nini. Kivuli cha mpira shavuni nacho husahaulika, ukabaki mstari mweusi usio na mwenyewe.

Kwa maoni yangu kuondoa mpira hakumdanganyi mtu. Mama hakuzaliwa nao, na mwenyewe, kwa maneno ya mdogo wake, alikuwa akiuficha kwa kanga kila mgeni alipoingia. Hilo la kanga lilinisaidia kuliko hoja yoyote. Marehemu mwenyewe alikuwa ameshaonyesha anachotaka kionekane na asichotaka.

Mashavu ni habari nyingine kabisa.

Mtu asiyefanya kazi hii hudhani kukonda kuko mashavuni, kwamba ukisukuma shavu nje kidogo mtu amenenepa. Programu za kuhariri picha zina kifaa cha kusukuma namna hiyo, na kwa dakika chache shavu linajaa. Lakini ugonjwa unaomnyima mtu chakula haukondeshi shavu peke yake. Unazamisha panja, pale kati ya jicho na sikio. Unarudisha macho ndani na kuyazungushia kivuli. Unatoa mishipa ya shingo na mifupa ya mabega, unavifanya vidole virefu, na unaacha masikio na meno yakionekana makubwa kwa sababu nyama iliyoyazunguka imeondoka. Nguo nazo zinashuhudia. Ukijaza mashavu na kuacha panja, unapata uso uliovimba, na kwa mtu aliyewahi kuuguza, uso uliovimba ni dalili ya ugonjwa mwingine. Ukijaza na panja, shingo inakukatalia. Ukinenepesha shingo, kola inabaki imeachia. Kila unaporekebisha kimoja kingine kinajitokeza, na unapofika mwisho hujamrudisha mama. Umechora mwanamke mnene wa miaka sitini, ukampachika macho yake.

Niliijaribu nakala moja pembeni ili familia waone kwa macho yao, kwani maneno matupu hayakumtosha binti. Nikajaza kwa kiasi, panja na mashavu, nikapunguza kivuli cha macho. Mama mdogo alipoiona alikaa kimya kidogo, akasema: “Huyu ni shangazi yao wa Nkoaranga.” Kweli kumbe, marehemu alikuwa na wifi mwenye uso wa duara. Nilipojaza sikuwa na kumbukumbu ya mifupa ya marehemu, niliongeza tu unene wa kawaida, na unene wa kawaida humfananisha mtu na yeyote.

Kulikuwa pia na nakala nyingine. Mmoja wa wapwa alishaipitisha picha kwenye programu ya simu inayosafisha nyuso, akaituma kwenye kundi la familia, na ilikuwa imesifiwa sana. Nilipoikuza ikaonekana wazi kilichofanyika. Ngozi ilikuwa nyeupe kuliko ya mama kwa kiasi ambacho mikono yake, iliyompakata mtoto, ilionekana ya mtu mwingine. Pua ilikuwa imebanwa. Meno yalikuwa mapya, yamepangwa sawasawa, wakati mama alikuwa na mwanya. Programu za namna hiyo hazitafuti kilichofichika kwenye ukungu wa picha. Zinabuni uso unaokaribia ule, kutokana na nyuso nyingi zilizofundishiwa, na pale picha inapokuwa na ukungu ndipo zinapobuni zaidi. Kwenye kioo cha simu hilo halionekani. Kwenye bango la mita mbili linaonekana toka barabarani. Njia rahisi ya kulikamata ni kulinganisha rangi ya uso na ya mikono na masikio, kisha kutazama meno na nywele za pembeni mwa paji, ambako ubunifu huo hukosea mara nyingi.

Hapo ndipo niliposhauri tuache kuirekebisha picha ya kitandani na tutafute nyingine. Ushauri huo ni wa kawaida, lakini una mtego wake. Familia nyingi zikiambiwa zitafute picha nyingine huenda hadi chini ya sanduku na kurudi na picha ya ujanani, ya studio, mama akiwa na miaka thelathini, amesimama mbele ya pazia lenye maua. Ni picha nzuri ya kuweka ndani ya kijitabu, ukurasa wa historia ya marehemu. Jaladani haifai, kwa kuwa nusu ya watakaokaa kwenye viti siku ile, wajukuu, majirani wapya, wanakwaya wenzake, hawakuwahi kumjua mwanamke huyo. Ninachotafuta ni picha ya karibuni zaidi kabla ugonjwa haujaanza kula mwili. Na ugonjwa huanza kula kabla haujatajwa, kwa hiyo nauliza mama alianza lini kuacha ugali na kuchagua uji. Tarehe ya hospitali hainisaidii sana. Walipohesabu vizuri, tukarudi nyuma miaka mitatu.

Miaka mitatu nyuma mjukuu mmoja alipata kipaimara. Kulikuwa na picha ya posikadi ukutani, watu tisa mbele ya kanisa, mama wa tatu kutoka kushoto, kilemba cha kitenge. Uso wake kwenye karatasi ulikuwa mdogo kuliko ukucha wa kidole gumba. Mtu mwingine angeichukua hiyo posikadi akaipiga kwa simu, na hapo ndipo picha nyingi za kumbukumbu zinapoharibikia, kwa sababu karatasi imeshapoteza sehemu ya kilichokuwa kwenye kamera, na simu inapoteza tena, kisha ikitumwa kwa WhatsApp kama picha ya kawaida inabanwa mara ya tatu. Nikawaomba wamtafute mpigapicha wa siku ile. Alipatikana, na faili bado lilikuwa kwenye diski yake. Kamera yake ilitoa picha za pikseli 6000 kwa 4000, na uso wa mama, kutoka kidevuni hadi kwenye kilemba, ulikuwa na pikseli kama 500. Kwa jalada la kijitabu cha A5, uso ukiwa wa sentimita sita, hizo zinatosha bila wasiwasi. Kwa bango hazitoshi ukitaka uso ujaze kitambaa chote, lakini ukiuacha uwe wa sentimita ishirini na tano, na watu wakiutazama toka mita nne au tano, unasomeka vizuri. Nikapanga bango hivyo, maandishi makubwa na uso wa wastani. Mpigapicha alilituma faili kama dokumenti, hivyo likafika bila kubanwa.

Picha hii nayo niliifanyia kazi, nami sioni haya kusema hivyo. Jua lilikuwa la saa sita, likitoka juu, na kilemba kilimtia kivuli machoni. Nilikifungua kivuli kile mpaka macho yakaonekana, sikukifuta. Nyasi zilikuwa zimemwagia kidevu chake ukijani, nikauondoa kwa kupimia weupe wa kola ya mchungaji aliyesimama nyuma yake, kwani kitu unachojua kilikuwa cheupe ndicho kinachokuonyesha rangi nyingine zimeyumba kiasi gani. Jasho lililokuwa likimeta puani nililipunguza. Mkono wa mjukuu uliokuwa begani mwake niliuacha, ingawa ulikatika pembeni, kwa sababu ukiuondoa inabidi ubuni bega. Yote hayo ni mambo ya jua, kamera na mahali aliposimama siku ile. Makunyanzi, kovu dogo juu ya nyusi na mvi zilizochungulia chini ya kilemba sikuvigusa.

Na meno. Hapa nitakaa kidogo, maana ni jambo la huku kwetu.

Mama alikuwa na meno ya kahawia, yenye mabaka, kama watu wengi waliokulia kwenye miteremko ya Mlima Meru. Maji ya huku hupita kwenye miamba ya volkeno na kubeba madini ya floraidi, mahali pengine kwa kiasi kikubwa kuliko miligramu 1.5 kwa lita ambayo Shirika la Afya Duniani limeiweka kama kikomo. Mtoto anayeyanywa wakati meno yake ya ukubwani yanajengeka ndani ya fizi hupata madoa hayo, na yakishatokea mswaki hauyaondoi. Hayahusiani na uchafu, wala hayahusiani na ugonjwa uliomuua. Mama aliishi nayo toka utotoni, na alicheka nayo karibu kwenye kila picha aliyopigwa.

Binti aliposema “msafishe meno” hakuwa na nia mbaya. Amekaa Dar miaka mingi, na huko watu wa Arusha hutambuliwa kwa meno na kutaniwa. Yeye mwenyewe, nilivyokuja kuambiwa, aliyafunika ya kwake kwa daktari. Nilielewa kwamba alikuwa anamkinga mama yake na macho ya wageni kutoka Dar watakaokuja. Lakini nilimpigia, nikamwambia nilichokuwa nakiona: “Dada, siku ya ibada watakaa mbele pale wajukuu na majirani wenye meno hayo hayo. Wakiona bibi yao amesafishwa, wataelewa nini kuhusu ya kwao?” Alinyamaza kwa muda. Kisha akauliza kama ningeweza basi kumfunga mdomo. Nikamjibu kwamba kufunga mdomo wa mtu anayecheka ni kuunda sura upya kuanzia machoni kwenda chini, kwa kuwa kicheko kiko kwenye macho na mashavu vilevile, na mdomo uliofungwa chini ya macho yanayocheka huonekana kama mtu anayezuia maumivu. Hilo ni la kiufundi tu, halina ubishi, na nadhani ndilo lililomfanya aachie.

Kuna kitu kimoja nilikifanya kwenye meno. Kwenye picha ya saa sita jua liliyapiga na kuyafanya ya njano kali kuliko yalivyokuwa. Niliyarudisha kwenye kahawia yake kwa kulinganisha na picha nyingine mbili alizopigwa ndani ya nyumba. Fundi akiamua kutosafisha, asije naye akayaacha yakawa mabaya kuliko yalivyokuwa.

Ombi la kumpunguzia miaka kumi liliisha lenyewe picha ya kipaimara ilipopatikana. Binti alipoiona alisema huyo ndiye mama, na hakuitaja miaka tena. Naamini kumi ile ilikuwa jina alilolipatia jambo jingine. Alikuwa amekuja kumwona mama yake mara chache wakati wa ugonjwa, kwa sababu ya kazi na nauli, na kila alipokuja alimkuta mwingine. Alichotaka ni yule aliyemwacha.

Mama mdogo naye alikuwa na lake, na nusura lipotee katika furaha ya kupata picha nzuri. Tulipokubaliana, alisema: “Mwanangu, hiyo ya kipaimara ni nzuri. Lakini uso niliouosha mimi miezi yote ile ni ule wa kitandani. Mnaufuta kama vile haukuwepo.” Sikuwa na jibu la haraka. Mtu aliyemgeuza mgonjwa kitandani, akamlisha kwa bomba la sindano kila baada ya saa chache, anao uso mmoja wa mwisho, na ukiujaza nyama unamwambia kwamba kazi yake ilikuwa aibu ya kufichwa. Tena picha ile ya kitandani ndiyo pekee yenye kitukuu. Hakuna nyingine, wala haitakuwepo.

Kwa hiyo ikabaki, na ikaingia kwenye kijitabu, ukurasa wa ndani, ndogo, chini yake pameandikwa mwezi na mwaka na maneno “Akiwa na kitukuu chake”. Mashavu kama yalivyo, shingo kama ilivyo. Kuhusu mpira walijadiliana wenyewe bila mimi. Waliamua uondolewe kwenye nakala ya kijitabu, kwa sababu ya ile kanga aliyokuwa akijifunikia, na mama mdogo apewe nakala iliyochapwa yenye mpira, isiyoguswa popote.

Kabla ya kuchapa nilifanya jaribio ninalolifanya kila mara. Nilimwomba kijana wa familia aipeleke ile ya jalada kwa watu wawili watatu waliomzoea marehemu, mmojawapo jirani wa shambani, bila kuwaambia ni ya nini wala kwamba imefanyiwa chochote. Nasubiri neno la kwanza. Wakitaja jina, imekaa. Wakisema kwanza “amependeza”, narudi kuangalia nilipozidisha. Jirani alisema: “Si mama huyu, hapa ni pale kanisani?” Akataja hata mtu aliyeshona kile kitenge.

Kigae cha kaburi ndicho kilichosumbua hadi mwisho. Bango hushushwa, fulana huchakaa, lakini picha iliyochomwa kwenye kigae tanurini hukaa miaka mingi juani na mvuani, na atakayeitazama baadaye hatakuwa na cha kulinganishia. Kwa sababu hiyo mimi hukaza zaidi kwenye kigae kuliko kwenye bango. Kaka mkubwa wa marehemu, ambaye alikuwa hajasema neno kwenye mambo ya mashavu na meno, alipinga kicheko. Alisema kaburini mtu hachekeshwi, itafutwe picha ametulia. Binti na mama mdogo, kwa mara ya kwanza tangu kazi ianze, wakawa upande mmoja dhidi yake. Walivutana mpaka siku chache kabla ya ibada. Mzee alishinda. Kigae kimewekwa picha nyingine ya siku ile ile ya kipaimara, mama anamsikiliza mtu aliye nje ya fremu, mdomo umefumba mwenyewe.

Mafaili niliwakabidhi kwenye flashi yakiwa mafungu matatu: ya mpigapicha kama yalivyotoka, la kitandani kama lilivyotoka, na yaliyofanyiwa kazi kwenye folda yake, jina la kila faili likieleza kilichoondolewa. Flashi inakaa kwa mama mdogo. Binti ana nakala yake Dar.